Tarehe ya kutoa nyuzi: namna ya kuhesabu siku tangu ulipopasuliwa na kusoma kadi uliyopewa

Alhamisi moja, tarehe 10 Julai 2025, mama mmoja aliingia chumba chetu cha vidonda na mtoto mgongoni. Alijifungua kwa upasuaji tarehe 24 Juni katika hospitali nyingine, akaruhusiwa, akaja kwetu kutolewa nyuzi kwa sababu ndiko karibu na kwao. Nilipofunua mshono nilikuta nyuzi kumi na moja za nailoni nyeusi. Mafundo yamezama, kila uzi umejichimbia kishimo chake chekundu, na viwili kati ya vishimo hivyo vilikuwa na tone la usaha.

"Mama, mbona umechelewa hivi?"

"Sijachelewa, sista. Nimekuja siku ile ile mliyoandika."

Akatoa kadi kwenye mkoba. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: ROS 10/7, na chini yake TCA 6/52. Yeye aliisoma 10/7 kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma: tarehe kumi, mwezi wa saba. Aliyeandika alimaanisha siku kumi. Nyuzi zilitakiwa kutoka tarehe 4 Julai, na tarehe 10 ilikuwa tayari siku ya kumi na sita.

Mambo ya aina hii nimeyaona mara nyingi, na karibu kila mara kosa si la mgonjwa. Kwa hiyo nitaanza na kadi, kisha kuhesabu, kisha nitampigia hesabu mama huyu tangu mwanzo hadi ziara ya mwisho, ili na wewe upige ya kwako au ya mgonjwa unayemuuguza.

Kwanza, soma kadi

Herufi na namba hizi wataalamu wa afya wameziandikiana miaka mingi, na zimekuwa zikishuka kwenye kadi ya mgonjwa bila tafsiri. TCA maana yake urudi. ROS maana yake kutoa nyuzi. POD ni siku tangu upasuaji, kwa hiyo POD 7 ni siku ya saba.

Namba zenye mkwaju ndizo zinazoponza watu. Namba ya juu ni idadi, ya chini inakuambia ni idadi ya nini. Chini ikiwa 7 ni siku, kwa kuwa wiki ina siku saba. Ikiwa 52 ni wiki, kwa kuwa mwaka una wiki hamsini na mbili. Ikiwa 12 ni miezi. Hivyo 10/7 ni siku kumi, 2/52 ni wiki mbili, 3/12 ni miezi mitatu.

Ona sasa mtego ulipo. Namba ya 52 haimdanganyi mtu, maana hakuna mwezi wa hamsini na mbili. Mgonjwa akiiona anashangaa, anauliza. Lakini 10/7 inafanana kabisa na tarehe kumi Julai, na 3/12 inafanana na tarehe tatu Desemba. Aliyepasuliwa mwezi Juni akaandikiwa 3/12 anatakiwa Septemba, naye anaweza kukaa akiisubiri Desemba kwa utulivu kabisa. Aliyepasuliwa Februari akaandikiwa 10/7 atashtuka, kwa kuwa Julai iko mbali mno, na atarudi kuuliza. Hatari kubwa ni kwa waliopasuliwa mwishoni mwa Juni, kwa sababu tarehe wanayoisoma inaingia akilini bila shida.

Kwa hiyo kabla hujatoka wodini, mwombe anayekuruhusu aandike siku ya wiki, tarehe na mwezi kwa maneno: Ijumaa, tarehe 4 Julai. Siku na tarehe zikipingana utagundua pale pale kuna mtu amekosea hesabu. Angalia na saa pia. Kadi iliyoandikwa 08:00 maana yake saa mbili asubuhi, na kuna watu hufika saa nane mchana wakati daktari wa kliniki ameshamaliza na kuondoka.

Siku ya upasuaji ni sifuri

Siku uliyopasuliwa haihesabiwi. Hiyo ni siku sifuri. Siku ya kwanza ni kesho yake. Kiswahili chenyewe huhesabu hivyo: leo haina namba, kesho ndiyo ya kwanza, keshokutwa ya pili, mtondo ya tatu, mtondogoo ya nne. Aliyepasuliwa Jumanne, siku yake ya kwanza ni Jumatano, na siku yake ya saba ni Jumanne inayofuata.

Hapo ndipo penye njia nyepesi isiyotaka hata kalenda. Siku 7, 14, 28 na 42 zote huangukia siku ile ile ya wiki uliyopasuliwa. Siku ya 10 ni siku tatu mbele ya hapo, baada ya kuvuka wiki moja: Jumanne inakuwa Ijumaa, Alhamisi inakuwa Jumapili. Siku ya 5 ni siku mbili nyuma ya wiki kutimia, yaani Jumanne inakuwa Jumapili. Ukiijua siku ya wiki, hesabu ya tarehe inabaki kuwa ya kuhakiki tu.

Watu wengi hukosea kwa kuihesabu siku ya upasuaji kama ya kwanza, kama tunavyohesabu siku za matanga. Kosa hilo linakuletea siku moja mapema. Kwa mshono wa tumbo siku moja haivunji kitu, ila ukijumlisha na siku nyingine iliyopotea kwa sababu ya pili, utajikuta mezani siku mbili kabla ya wakati.

Sababu hiyo ya pili ni usiku. Upasuaji wa dharura hauchagui saa. Mtu akianza kupasuliwa saa tano na nusu usiku wa siku ya Alhamisi na kumalizwa saa saba, ni Alhamisi au Ijumaa? Na ukimuuliza bibi wa pwani atakuambia mjukuu wake alipasuliwa "usiku wa Ijumaa", naye ana haki, maana kwa hesabu ya Waswahili wa zamani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa. Nesi kijana akiusikia huo usiku wa Ijumaa anaelewa Ijumaa jioni kuelekea Jumamosi. Mmekwishaachana siku nzima. Usibishane na bibi. Fungua fomu ya kuruhusiwa uangalie tarehe ya upasuaji iliyoandikwa, hiyo ndiyo sifuri yako. Kwa aliyejifungua, kadi ya mtoto nayo ina tarehe ya kuzaliwa, na zikitofautiana kwa siku moja kwa sababu ya saa sita usiku, mshono fuata tarehe ya upasuaji na chanjo fuata tarehe ya mtoto.

Unahesabu tangu kupasuliwa, si tangu kuruhusiwa

Ngozi haijui ulitoka wodini lini. Ilianza kuunga dakika ile ulipomalizwa kushonwa, kwa hiyo siku za nyuzi zinahesabiwa kutoka hapo, hata kama ulilazwa wiki nzima.

Ugumu unakuja kwenye maneno ya mdomo. Daktari anapita wodini asubuhi ya siku ya tatu, anasema "nyumbani leo, rudi baada ya wiki moja." Wiki moja tangu lini? Akimaanisha tangu leo, utarudi siku ya kumi. Akimaanisha tangu upasuaji, utarudi siku ya saba, yaani baada ya siku nne tu. Mara nyingi anamaanisha tangu leo, lakini si mara zote, na hata yeye huenda hajaliwaza. Swali la kumuuliza ni fupi: "Daktari, hiyo itakuwa tarehe ngapi?" Akilazimika kutaja tarehe ataangalia faili, na akiangalia faili hesabu inanyooka.

Siku ngapi, kwa mahali gani

Siku hazilingani mwili mzima kwa sababu damu haifiki kila mahali kwa wingi ule ule, na ngozi haivutwi kwa nguvu ile ile. Uso una damu nyingi na unaunga haraka, na kovu la usoni kila mtu analiona, kwa hiyo nyuzi za uso hutolewa siku ya 3 hadi ya 5. Za kichwani kwenye nywele ni siku ya 7 hadi ya 10. Mikono na miguu huchukua siku 10 hadi 14. Goti na kiwiko, ambavyo kila ukikunja vinavuta mshono, na unyayo unaobeba mwili wote, mara nyingi huachwa hadi siku ya 14.

Tumbo lenyewe linagawanyika. Mshono wa kulala, ule wa chini karibu na mstari wa nguo ya ndani ambao wengi wanaojifungua kwa upasuaji wanao, hautanuliwi sana na misuli, na nyuzi zake hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Mshono wa kusimama, unaoshuka kutoka kitovuni au juu yake, unavutwa kila ukikohoa, ukicheka au ukiinuka kitandani, na unahitaji siku 10 hadi 14. Mama wa tarehe 24 Juni alikuwa na wa kusimama, ndiyo maana aliandikiwa siku kumi.

Hizi ni siku za kawaida. Aliyekushona akikuambia vingine, fuata lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeiona nyama iliyo chini ya ngozi. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyedhoofu kwa kukosa lishe au anayetumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa muda mrefu, tarehe husogezwa mbele siku kadhaa, kwa kuwa miili hiyo huunga polepole. Ukijijua uko kwenye kundi hilo na hakuna aliyekuuliza, sema mwenyewe.

Kisha kuna swali ambalo ni heri uulize kabla ya yote: nyuzi zangu ni za kutolewa au za kuyeyuka? Siku hizi mishono mingi ya uzazi inafungwa kwa uzi unaopita chini ya ngozi na kuyeyuka wenyewe. Uzi wa namna hiyo unapoteza nguvu baada ya wiki tatu au nne na unaisha kabisa baada ya miezi miwili hivi. Huna cha kutolewa, ila tarehe ya kukaguliwa mshono bado unayo. Nimewahi kumpokea dada aliyesafiri kwa basi kwa muda wa saa tatu kuja kutolewa nyuzi ambazo hazipo. Ukiona juu ya ngozi mstari mmoja tu bila vifundo, inaelekea zako ni hizo. Wengine hufungwa kwa pini za chuma. Hizo zina kifaa chake maalumu cha kuzing'oa, na si kila zahanati inacho, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda.

Kwa nini si mapema, na kwa nini si baadaye

Tabaka la juu la ngozi hujiziba ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mshono wa siku ya tatu unaonekana kavu na mtu anadhani umepona. Chini yake bado hakuna kitu. Nyuzi ngumu za mwili, zile zinazoipa ngozi uimara, zinaanza kufumwa kuanzia siku ya tatu au ya nne, na mwisho wa wiki ya kwanza mshono haujafikia hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya miezi mitatu unafika kama asilimia 80, na hapo ndipo unapoishia. Ukitoa nyuzi mapema, unaondoa kinachoshikilia kabla cha kushikilia hakijafika.

Ukichelewa, shida ni nyingine. Ngozi inateremka kando ya kila uzi kama inavyofanya kwenye tundu la hereni, ikitengeneza kijishimo cha kudumu. Uzi ukiachwa zaidi ya wiki moja hivi, vishimo vinaanza kuacha alama zisizofutika, na ndiyo makovu yale yanayofanana na ngazi au reli. Tumboni tunakubali hatari hiyo kwa ajili ya uimara, usoni hatukubali. Na kila uzi unaopita kwenye ngozi ni njia ya vijidudu kuingia, kama yale matone mawili ya usaha ya mama wetu.

Hesabu ya mama wa tarehe 24 Juni

Tuipange kalenda yake kama ilivyotakiwa kuwa. Jumanne, tarehe 24 Juni, ni siku sifuri. Juni ina siku 30, kwa hiyo zimebaki sita: tarehe 30 ni siku ya sita, na Jumanne tarehe 1 Julai ni siku ya saba.

Aliruhusiwa Ijumaa tarehe 27 Juni, siku ya tatu. Siku ya saba, Jumanne tarehe 1 Julai, ni ziara ya kwanza baada ya kutoka. Nyuzi hazitolewi siku hiyo kwa kuwa mshono wake ni wa kusimama, lakini ndiyo siku nzuri ya kuufunua, maana maambukizi mengi ya mshono hujitokeza kati ya siku ya nne na ya kumi. Anapimwa joto na shinikizo la damu, kifafa cha uzazi kikiweza kumpata mtu hata baada ya kujifungua. Mtoto naye anaangaliwa kitovu na uzito. Hii ndiyo ziara ambayo wengi wanairuka, wakisema nitakuja mara moja tu siku ya nyuzi.

Siku ya kumi ni Ijumaa tarehe 4 Julai: nyuzi. Laiti ingekuwa Jumatatu tarehe 7 angekutana na Sabasaba, na vituo vingi vidogo vinabaki na mtu wa zamu anayeshughulikia dharura tu. Hapo kwa tumbo tunasogeza mbele, siku ya kumi na moja, wala haidhuru. Kwa uso tungerudisha nyuma. Kanuni ninayoitumia ni hiyo: panapovutwa, ongeza siku, panapoonekana, punguza.

Ziara ya wiki sita, ile TCA 6/52, ni siku ya 42. Kutoka siku sifuri, siku sita zinamaliza Juni, thelathini na moja za Julai zinafikisha 37, zinabaki tano: tarehe 5 Agosti. Nayo ni Jumanne, kama ilivyopaswa, maana 42 inagawanyika kwa saba. Usiibadilishe wiki sita kuwa mwezi mmoja na nusu, utafika tarehe nane au tisa, na tarehe 8 Agosti ni Nanenane.

Nyumbani bibi anahesabu arobaini, kliniki inahesabu arobaini na mbili. Mama akisema "nitakwenda nikitoka arobaini" wala hagombani na kadi, anasubiri siku mbili tu. Na ziara hii inambebea mambo mawili kwa nauli moja: wiki sita ndiyo tarehe ya mtoto ya chanjo za mwanzo baada ya zile za kuzaliwa, kisha zinafuata wiki ya 10 na ya 14, ambazo kwake zitaangukia Jumanne pia, tarehe 2 Septemba na 30 Septemba.

Siku ya 42 mama anakaguliwa mshono, shinikizo la damu na wingi wa damu, na anazungumza uzazi wa mpango. Naongeza jambo moja ambalo ni yeye atakayeliuliza: mfuko wa uzazi ulikatwa vipi? Mshono wa ngozi hausemi. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kusimama na mfuko ukakatwa kulala, au kinyume chake. Mimba ijayo, kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida au la kutategemea mkato wa ndani, na miaka mitatu baadaye faili huenda halionekani. Liandikwe kwenye kadi yake.

Siku yenyewe, chumbani

Nenda na kadi na fomu ya kuruhusiwa, hata kama unakwenda zahanati ya mtaani. Bila fomu, anayekupokea hajui tarehe ya upasuaji wala aina ya uzi, atakisia. Oga asubuhi hiyo, usipake mafuta kwenye mshono.

Nesi atafunua, ataangalia, atabonyeza kando kwa kidole kilichovaa glavu. Kingo zikiwa zimefungana, hakuna wekundu unaosambaa wala majimaji, anasafisha. Kisha anashika fundo kwa kibano, analiinua kidogo, anakata uzi upande mmoja karibu kabisa na ngozi, na kuuvuta kuelekea upande wa mshono. Kuna maana kwenye kila kimoja. Anakata chini ya fundo ili ule uzi uliokuwa nje, wenye vumbi na jasho la siku kumi, usipite ndani ya nyama. Anavuta kuelekea mshono ili asiutanue. Unasikia kama kuvutwa unywele, basi. Sindano ya ganzi haihitajiki.

Kwenye mshono mrefu, mwache aanze kwa kuruka: anatoa wa pili, wa nne, wa sita, anaangalia. Kingo zikibaki pamoja anamalizia. Zikianza kuachana anasimama, anaweka plasta nyembamba za kushikilia, na kukupa tarehe nyingine ya zilizobaki, mara nyingi siku mbili au tatu mbele. Ukiona ametoa nusu usidhani ni uvivu.

Mama wetu ilinibidi nimlowekee gozi yenye maji ya chumvi dakika kama kumi ili magamba yalainike, ndipo mafundo yakaonekana. Vile vishimo viwili nilivisafisha na kuviacha wazi, nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Safari hii niliandika kwa maneno: Jumapili, tarehe 13 Julai, saa tatu asubuhi, zamu yangu.

Usijitolee mwenyewe nyumbani kwa wembe. Nailoni ukiikata vibaya, kipande kinabaki ndani na kutafuta njia ya kutoka kwa jipu miezi baadaye.

Pale ambapo tarehe haina kazi tena

Kuna dalili zikitokea, kadi iweke pembeni uende siku hiyo hiyo: homa, wekundu unaopanuka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua kuanzia siku ya nne, usaha, harufu, au kwa aliyejifungua, kutokwa damu nyingi au uchafu unaonuka.

Dalili moja inastahili kuelezwa kipekee kwa kuwa haitishi kwa sura. Mshono wa kusimama wa tumbo, kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, unaweza kuanza kulowesha bendeji ghafla kwa maji ya rangi ya waridi, kama maji yaliyooshea nyama. Hayana harufu na pengine hayaumi. Mara nyingi maana yake tabaka la ndani limefumuka wakati ngozi bado imeshikwa na nyuzi. Mgonjwa alale chali, magoti yakunjwe kidogo, asile wala asinywe, apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Utumbo ukionekana usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Na mtu asithubutu kutoa nyuzi za mshono unaotoa maji hayo kwa sababu tu siku ya kumi imefika.

Akishonwa upya, hesabu ya zamani imekufa. Siku ya kushonwa mara ya pili ndiyo sifuri mpya, na kwa kawaida nyuzi huachwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Ziara ya wiki sita ya mama na chanjo za mtoto zenyewe hazibadiliki, zinaendelea kufuata tarehe ya kuzaliwa. Hapo kadi inakuwa na hesabu mbili zinazokwenda pamoja, na ni vyema ziandikwe kwenye mistari tofauti, kila moja na tarehe iliyoanzia.

Hata pasipokuwa na tatizo, maambukizi ya mshono yanahesabiwa kuwa ya upasuaji huo yakitokea ndani ya siku 30. Kwa mama huyu zilifika hadi tarehe 24 Julai. Mtu akipata usaha siku ya 20, wiki moja baada ya nyuzi kutoka, arudi na kadi ile ile na ataje tarehe aliyopasuliwa.

Tarehe 13 Julai alikuja, saa tatu kasoro. Vishimo vilikuwa vimekauka. Alitaka kujua kama zile alama za ngazi zitaondoka, nikamwambia wekundu utaisha baada ya miezi, vidoa vyenyewe vitabaki. Akaitazama kadi, akachukua kalamu yangu mezani, na pale palipoandikwa TCA 6/52 akaandika kwa mkono wake: Jumanne, tano Agosti.